Watu Tajwa Hapo Juu

Ofisini tulimwita Bi Koma, na jina hilo hakuna aliyempa bure. Alikuwa karani wa idara ya sheria katika Shirika la Nyumba, na hakuna karatasi iliyotoka mlangoni mwetu bila kupita mikononi mwake. Akiona koma imekaa pasipo pake, alishusha miwani hadi ncha ya pua, akaguna, kisha akainuka na karatasi yake mpaka kwenye meza ya mwandishi. Wakili, mkuu wa idara yetu, alikuwa na utani wake wa kila asubuhi: "Bi Koma ameingia. Haya, kila mtu akome." Yeye alicheka pamoja nasi, ila kalamu hakuiweka chini.

Mimi nilikuwa mtunza faili. Meza zetu zilitazamana, katikati pana feni moja iliyopuliza upande wake tu, kwa hiyo karatasi zake zote zilikandamizwa kwa mawe madogo aliyookota uani. Miaka kumi na mmoja tulikaa hivyo. Nayajua mambo yake ya nyumbani kama ninavyojua rafu zangu. Mume alishaondoka zamani, akaacha salamu tu. Alipanga vyumba viwili upande wa pili wa mji. Mama yake na dada yake mkubwa waliishi katika jengo la nne la Shirika letu, ghorofa ya kwanza. Mpangaji aliyeandikwa kwenye mkataba alikuwa mama. Dada alikuwa ameorodheshwa kama mwanafamilia. Hakuolewa, alibaki kumtunza mama, na sebuleni kwao aliweka cherehani akawa anashona sare za shule. Mtaa mzima ulivaa mkono wake.

Mwaka ule wakurugenzi waliamua mikataba ya upangaji iandikwe upya kwa lugha nyepesi. Wapangaji walikuwa wakilalamika kwamba wanasaini vitu wasivyovielewa, na walikuwa na haki. Mkataba wetu ulianza hivi: "Shirika, ambalo kuanzia hapa na baadaye ndani ya hati hii litajulikana na kutambulika kama Mwenye Nyumba, kwa upande mmoja, na ndugu aliyetajwa hapo chini, ambaye kuanzia hapa na baadaye atajulikana kama Mpangaji, kwa upande wa pili..." Ukifika mwisho wa sentensi umeshasahau nani anampangisha nani. Halafu "tajwa" ilitapakaa kila mahali kama nzi: nyumba tajwa, vifaa tajwa, muda tajwa, mpangaji tajwa.

Wakili aliweka mkataba huo mezani kwa Bi Koma. "Kazi hii ni yako. Badilisha maneno, usibadilishe maana. Aliyekuwa na haki jana awe nayo kesho, na aliyebanwa jana abanwe vilevile. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee."

Aliifanya kwa miezi minne, na sijawahi kumwona mtu akiipenda kazi kiasi kile. Alichora jedwali lenye safu nne: maneno ya zamani, maneno mapya, sababu, na maoni. Sehemu nyingine zilikuwa rahisi. Ule mkia mrefu wa "kuanzia hapa na baadaye atajulikana kama" aliukata wote, akaandika jina la mtu na mbele yake, kwenye mabano, neno moja: (Mpangaji). Baada ya hapo, kila alipotaka kumtaja mtu huyo aliandika Mpangaji, basi. Mimi nilimwambia kurudia neno moja kila mstari kunachosha, si aweke "mkazi" hapa na pale?

"Nikiandika mkazi," akasema, "kesho mtu atauliza mkazi ni nani, kwani si yule Mpangaji? Na hakimu atadhani nilikusudia watu wawili. Huu si wimbo, ndugu yangu. Neno moja, mtu mmoja."

Na "tajwa" hakuifuta ovyo. Kuna siku nilimkuta amejishika kichwa juu ya kifungu cha sita, kile kilichosema Mpangaji atatengeneza kwa gharama yake "vifaa tajwa" vikiharibika. Nikamwambia futa hiyo tajwa, andika vifaa, twende tukale. Akanionyesha kwa kalamu.

"Tajwa hapa inarudi kwenye orodha iliyo nyuma ya mkataba. Vitasa, vioo, mabomba ya jikoni. Nikiifuta, vitakuwa vifaa vyote vya nyumba, hadi tangi lililo juu ya paa. Nitakuwa nimemtwisha mpangaji tangi kwa kufuta neno moja."

Akaandika "vifaa vilivyo kwenye orodha ya nyuma." Ndipo tukaenda kula, na njiani alikuwa anatabasamu peke yake.

Akafika kifungu cha kumi na nne.

Nawaandikia kama kilivyokuwa. Cha kumi na tatu kilisema Mpangaji asiruhusu mtu yeyote kuishi katika nyumba tajwa, isipokuwa wanafamilia walioorodheshwa, na wageni wenye idhini ya maandishi ya Shirika. Cha kumi na nne kikafuata: "Endapo Mpangaji tajwa atafariki, mkataba huu utakoma, na watu tajwa hapo juu watapaswa kuondoka katika nyumba tajwa ndani ya siku sitini."

Alikaa na kifungu hicho siku tatu. Siku ya nne akanigeuzia karatasi.

"Watu tajwa hapo juu ni akina nani?"

Nikasoma. Nikasema, "Wote. Familia na wageni."

"Soma tena. Waliotajwa mwisho ni wageni. Huenda aliyeandika alikuwa anawalenga wageni tu, kwamba aliyewapokea akifa wasijifanye wenyeji. Familia ikabaki, Shirika likaiandikia mkataba mwingine."

Nikasoma tena, na kweli maneno yalikubali kusomwa hivyo pia. Akaniomba faili za wapangaji waliofariki. Nilizitoa zote, thelathini na tisa, tukazipitia kwa wiki nzima. Hakuna familia hata moja iliyowahi kuondolewa. Kila mara ofisa wa zamani alikuwa amekata jina la marehemu kwa kalamu, akaandika juu yake jina la mjane au la mtoto, akagonga mhuri. Hakuna aliyeenda kwenye baraza la kesi za nyumba, kwa hiyo hakuna hakimu aliyewahi kusema maneno yale yana maana gani.

Bi Koma akafunga faili ya mwisho. "Unaona balaa hili? Kwenye vifungu vingine nilijua neno linaelekeza wapi, nikalielekeza hukohuko kwa maneno mepesi. Hiki kinaelekeza pande mbili. Nikiandika wageni, nimeipa familia haki ambayo labda haikuwa nayo. Nikiandika wote, nimeipokonya haki ambayo labda ilikuwa nayo. Vyovyote nitakavyoandika, nimebadilisha maana."

Sote wawili tulijua ni nani alikuwa jengo la nne.

Aliingia kwa Wakili asubuhi yake, na jambo la kwanza alilosema ni hilo. Nilikuwepo, nilibeba zile faili. "Mzee, kabla sijasema lolote, mama yangu ni mpangaji na dada yangu anaishi naye. Kifungu hiki kinanigusa. Naomba nisikiamue mimi."

Wakili aliandika kwenye daftari lake. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hilo kwa sababu mbele katika hadithi hii mtamwona vibaya. "Nimesikia. Unapendekeza nini?"

"Kibaki kama kilivyo. Tukiache na maneno yake ya zamani, tuweke alama kwamba kina utata. Ama kipelekwe kwa wakurugenzi, waambiwe wazi kwamba wanaamua jambo jipya, si kwamba wanalainisha lugha."

"Kifungu kimoja cha zamani katikati ya mkataba mpya? Watatucheka." Akasugua macho. "Nitakipeleka juu."

Alikipeleka. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili, sentensi moja: wakurugenzi wanaona kifungu hicho kiko wazi, kinahusu wakazi wote, kiandikwe hivyo. Wakati huo barabara mpya ilikuwa imeshapita nyuma ya majengo yetu, na vyumba vilivyokuwa havitazamwi na mtu vilianza kuulizwa na watu wenye magari. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu sikuwa ndani ya kikao.

Kwa hiyo Bi Koma aliandika, na kwa kuwa alikuwa hajui kuandika vibaya, aliandika vizuri: "Mpangaji akifariki, mkataba huu unaisha. Kila anayeishi katika nyumba, akiwemo mwanafamilia, lazima ahame ndani ya siku sitini." Maneno kumi na saba. Mtoto wa darasa la nne angeyaelewa.

Kwenye safu ya maoni aliandika kwa mkono wake kwamba maneno ya zamani yalikuwa na maana mbili, kwamba uamuzi umefanywa na wakurugenzi, na kwamba yeye hathibitishi kuwa maana haijabadilika. Akasaini chini ya jedwali zima. Jedwali lilipochapishwa lilikuwa na safu tatu. Aliyepanga kurasa alisema safu ya nne haikuenea. Bi Koma alikwenda nalo kwa Wakili, akalirudisha mezani akiwa amelikunja.

"Anasema maoni ni ya ndani ya ofisi. Anasema ile yenye mwandiko wangu ipo kwenye faili."

"Ipo," nikasema. "Ninayo."

"Itunze."

Sasa kuna jambo alilolipigania na akalipata, na ndilo lililompa moyo kidogo. Kila mpangaji angepelekewa mkataba mpya pamoja na karatasi ya kusaini. Ile karatasi ilisema: nimesoma mkataba mpya, naukubali uchukue nafasi ya ule wa zamani, na naelewa kwamba ni lugha tu iliyobadilika, haki na wajibu ni vilevile. Bi Koma alisisitiza iongezwe sentensi moja: asiyetaka kusaini ataendelea na mkataba wake wa zamani, na hatachukuliwa hatua yoyote. Wakili alikubali. Kwa herufi zilezile, si ndogo.

Jumapili hiyo alikwenda jengo la nne. Aliwakuta mama kitandani, miguu imevimba, na dada akikunja sare za bluu. Aliwaeleza polepole. Mkataba mpya ukija, msisaini. Kaeni na wa zamani. Dada aliuliza kwa nini, akamweleza kuhusu watu tajwa hapo juu.

"Kwa hiyo ule wa zamani unatulinda?" dada akauliza.

"Sijui kama unawalinda. Ila kuna mahali pa kubishania. Huu mpya hauna."

"Na aliyeandika huu mpya ni nani?"

"Ni mimi, Dada."

Dada alikunja sare nyingine. "Haya, mdogo wangu. Hatutasaini."

Maofisa walipita mlango kwa mlango siku ya Jumanne. Dada alikuwa ametoka kwenda kununua uzi. Mama alikuwa peke yake, akawaambia wamwachie karatasi aisome, nao wakaendelea na milango mingine.

Hapa lazima niwaeleze mama huyu kidogo. Alikuwa amesoma kwa shida, ukubwani, darasa la jioni. Aliweza kusoma gazeti kama lina herufi kubwa, kidole kikitangulia. Miaka thelathini na mmoja alikuwa na mkataba wa Shirika ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kila alipojaribu kuusoma alikwama mstari wa pili. Siku ile aliketi kitandani akausoma mpya wote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Maofisa waliporudi kwa karatasi zao, alisaini. Kwa mkono, si kwa dole gumba.

Dada aliporudi alimkuta anang'aa.

"Nimeusoma wote," akamwambia. "Hakuna nilipokwama. Nimefika mwisho. Mwanangu ndiye aliyeandika haya, na mimi mama yake niseme sitaki? Watu wa jengo zima watasaini kazi ya mtoto wangu, mimi nikatae?"

"Mama, alisema tusisaini. Kifungu cha kumi na nne."

"Nimekisoma. Kinasema nikifa muhame. Sasa na mimi si sifi leo."

Dada alimpigia simu Bi Koma ofisini. Nilimwona akisikiliza, akisema tu "ndiyo... ndiyo... saa ngapi?" Aliweka simu, akateremka mbio ngazi mpaka kwa maofisa waliokuwa wanarudi. Karatasi zilikuwa zimeshapigwa mhuri wa kupokelewa. Aliomba ile moja airudishe, na mkubwa wao akamuuliza kwa kushangaa, "Kwani mama yako alilazimishwa?" Hakulazimishwa. "Hajui kusoma?" Anajua. "Basi?"

Jioni alikwenda kwa mama. Alikuwa amepanga maneno ya ukali, aliniambia mwenyewe, lakini alipoingia, mama alimshika mkono akamketisha kitandani na kuanza kumsomea kifungu cha sita, kile cha vifaa vya kwenye orodha, kidole kikitangulia. Alisoma bila kukosea. Bi Koma alisikiliza hadi mwisho.

Mama alifariki miezi saba baadaye, baada ya siku tisa hospitalini. Moyo ulikuwa umechoka. Tulimzika Alhamisi, na Wakili alikuja akasimama na sisi juani mpaka mwisho.

Barua ya Shirika ilitoka wiki ya tatu. Wakili hakumpa Bi Koma aichape. Alimpa mtu mwingine, akidhani anamhurumia. Lakini faili nilitakiwa niitoe mimi, na nilipoipeleka nikaiona barua imelala pale. Ilikuwa na maneno yake yote kumi na saba, hakuna hata koma iliyohama. Nilimwambia mwenyewe, kwa sababu nisingeweza kumtazama kuvuka ile feni huku najua.

Dada alikwenda barazani. Wakili wa kumtetea hakuwa naye, na Bi Koma hakuweza kumsimamia dhidi ya mwajiri wake. Alichoweza ni kumfundisha jikoni, jioni baada ya jioni, aseme nini. Sema maneno ya zamani yalikuwa na maana mbili. Sema Shirika lenyewe ndilo lililoyaandika, na maneno ya mkataba yakiwa na shaka, shaka inamwangukia aliyeandika. Sema miaka yote hakuna familia iliyohamishwa. Sema karatasi mama aliyosaini inasema haki ni zilezile; basi kama mkataba wa zamani haukutuhamisha, mpya hauwezi kutuhamisha. Dada aliyashika yote. Mtu anayeshona sare mia mbili bila kukosea kipimo hashindwi kushika mambo manne.

Chumba cha baraza kilikuwa kidogo, kina mabenchi kama ya darasani na dirisha lisilofungika vizuri. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Bi Koma aliitwa kama shahidi, dada ndiye aliyeomba. Alipewa jedwali la safu tatu.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa. Lakini jedwali nililolisaini lilikuwa na safu ya nne."

Nililitoa lile lenye mwandiko wake. Mwenyekiti alilisoma kwa makini, akampa Wakili wa Shirika, yaani Wakili wetu, naye akasema hana pingamizi, ndilo lenyewe. Alisema hivyo bila kusitasita, na nafsini mwangu nikamshukuru.

Dada akazungumza. Alisimama wima akasema yote manne kwa mpangilio, na aliposema lile la shaka kumwangukia aliyeandika, Mwenyekiti aliacha kuandika akamtazama.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Ndugu yangu."

"Amekufundisha vizuri." Kisha akamgeukia Bi Koma. "Swali moja. Maneno mapya, uliyoyaandika wewe, yana maana ngapi?"

Nilikuwa naiona mikono ya Bi Koma nyuma ya mgongo, vidole vinaminyana. Angeweza kujaribu kusema yana mbili. Angetafuta ufa wowote, hata wa koma.

"Moja, Mheshimiwa."

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Mwenyekiti alisema anaamini maneno ya zamani yalikuwa na utata, na zile faili thelathini na tisa zina uzito. "Kama marehemu asingesaini," akasema, "ningekuwa na maana mbili za kuchagua, na ningechagua ile inayomfaa mpangaji. Lakini alisaini mkataba mpya, akijua kusoma, bila kulazimishwa, akiwa ameambiwa anaweza kukataa. Mkataba huo hauna utata. Nao pande zote mbili zimetia saini kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Jedwali la karani linaonyesha karani alikuwa na shaka. Halionyeshi kwamba marehemu alikuwa nayo." Akageuza ukurasa. "Siku sitini zianze kuhesabiwa leo, si tangu tarehe ya barua. Hilo naliweza."

Nje, dada hakulia. Alimwambia Bi Koma, "Ungeandika vibaya kidogo tu, mdogo wangu. Kidogo tu." Hakusema kwa hasira. Bi Koma akaenda kusimama upande wa kivuli.

Tulihamisha vitu Jumamosi mbili. Cherehani tuliishusha ngazi watu wanne. Haikuingia sebuleni kwa Bi Koma pamoja na kitanda, kwa hiyo iliwekwa kwenye ujia, karibu na mlango wa bafu, na majirani wakawa wanapita kwa ubavu. Wateja wa sare walibaki kule kule jengo la nne. Shule zao zilikuwa kule, na hakuna mzazi wa kuvuka mji kwa ajili ya kupunguza pindo. Dada akawa anashonea mto mmoja, pazia moja, siku nyingine hana chochote. Wanakula sahani moja na wanazungumza, lakini Bi Koma aliniambia kuna jambo moja hawaligusi, na nyumba ya vyumba viwili ina nafasi ndogo ya kulizunguka.

Aliomba ahamishwe idara. Wakili alimjibu kwamba hana mtu mwingine wa kazi ile, na hilo lilikuwa kweli. Akamletea mikataba ya vibanda vya soko. Nayo ilikuwa imejaa "hapo juu" na "kuanzia hapa na baadaye". Akaichukua.

Mwezi wa pili baada ya dada kuhama, akaja mzee mmoja wa jengo la sita, mke wake ndiye mpangaji na alikuwa mgonjwa. Alikuwa amevaa koti juani. Aliweka mkataba mezani.

"Nimekuja kukuuliza, mama. Hapa panasema mke wangu akifa nihame?"

"Ndiyo, baba."

"Hakuna maana nyingine ya ndani?"

"Hakuna, baba."

"Nilidhani labda sijaelewa."

"Umeelewa."

Mzee akakaa. Akauliza kama wanaweza kufuta saini na kurudi kwenye karatasi ya zamani. Bi Koma akamweleza kwamba mkataba uliokubaliwa na pande mbili haufutwi na upande mmoja; lazima Shirika nalo likubali. Inawezekana kuomba. Akamwandikia ombi palepale, nusu ukurasa, maneno mepesi kiasi kwamba mzee alilisoma mara moja akasema, "Hivi ndivyo nilivyotaka kusema mimi." Nikaligonga mhuri wa kupokelewa.

Habari zikaenea, wakaja wengine. Aliwaandikia wote, saa yake ya chakula, kila mmoja ombi lake, hakunakili la mwenzake. Kumi na moja kwa jumla. Majibu yalikuja kwa pamoja mwishoni mwa mwaka, mistari miwili kila moja, na hayo hayakuandikwa na Bi Koma, kwa hiyo yalijaa "tajwa" na "kwa mujibu wa yaliyotangulia". Alikaa akiyapitia moja baada ya jingine, kalamu mkononi, kisha akanipa niyaweke kwenye faili. Maana yake ilikuwa moja, hapana.

Yule mzee wa jengo la sita alipokuja kuchukua jibu lake, hakuweza kulisoma. Bi Koma alimsomea.